Maswali na majibu: siku ya mchezo, na yule asiyekuja

Salaam aleikum Bi. Nimechaguliwa kiongozi wa mchezo mpya wa kuchangiana pesa kwa zamu hapa Langoni, Lamu, tuko 12, kila mtu kila mwezi 2,000. Nataka kuandika tangazo la siku ya mkutano na sheria ya wasiokuja. Nianze wapi?

Aleikum salaam mwanangu, anza na siku kabla hujafika kwa wasiokuja, kwa sababu nusu ya wasiokuja hawaji kwa kuwa hawakujua wanangojewa lini. Mchezo wangu wa kwanza kuongoza niliandika "tutakutana mwanzo wa mwezi", nikajiona nimemaliza kazi. Kumbe mwalimu kwake mwanzo wa mwezi ni ile siku mshahara umeingia hata kama ni tarehe 28, anayepika mahamri kwake ni siku yoyote, na mke wa mtu wa kaunti kwake ni siku kaunti itakapolipa na hiyo Mungu ndiye ajuae. Pesa zilikuja moja moja siku tisa nzima. Aliyekuwa zamu yake alikuwa ashamwita fundi wa paa, fundi kakaa juu ya ngazi anangoja mabati, mimi niko chini na daftari nahesabu majina saba. Tangu siku ile sitaki kusikia neno "mwanzo".

Sasa wengi wakitoka hapo wanakimbilia tarehe, wanasema basi tarehe 5 kila mwezi. Tarehe ni nzuri kwa benki, kwa watu si nzuri, maana tarehe 5 leo ni Jumatatu watu wako kazini, mwezi ujao ni Alhamisi, kila mwezi unaanza kuulizwa upya "leo ni siku gani kwani". Wengine huweka Jumamosi ya kwanza. Hii nayo ina shimo lake, Jumamosi ya kwanza yaweza kuwa tarehe 1 kabisa, kama Agosti 2026, na tarehe 1 wako watu pesa haijawafikia. Mimi nimetulia na Jumamosi ya pili. Jumamosi ya pili haiwezi kutoka nje ya tarehe 8 mpaka 14, kwa hiyo hata mshahara uliochelewa wiki nzima ushafika, na hata mwenye kusahau tarehe anakumbuka Jumamosi.

Halafu usiishie kuandika "Jumamosi ya pili", toa tarehe zote za mzunguko mzima siku ya kwanza, mkiwa 12 ni tarehe 12, kila tarehe na jina la anayepokea pembeni. Kwa 2026 ingekuwa Januari 10, Februari 14, Machi 14, Aprili 11, Mei 9, Juni 13 na kuendelea. Karatasi hiyo mtu aibandike nyuma ya mlango wa kabati. Ukiwa na karatasi hiyo hakuna wa kukwambia "sikujua".

Saa nayo. Sisi ni saa kumi na nusu, watu washaswali alasiri, na mkutano uishe mapema ili wa Mokowe na wa Matondoni wapate boti kabla giza halijaingia. Ukiandika "jioni" wa Mkomani atakuja karibu na magharibi kwa sababu yeye nyumba yake iko hapo nyuma ya ukuta, wa mbali ndio atakaeteseka.

Tangazo letu sisi liko hivi, chukua ubadilishe utakavyo:

"Mchezo utakutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi, saa kumi na nusu alasiri, ukumbini kwa mwekahazina. Mchango 2,000 uwe umefika kabla ya saa kumi na moja siku hiyo, mkononi au kwa simu ya mwekahazina. Asoweza kuja aseme kabla ya magharibi ya Ijumaa, na pesa yake ifike wakati ule ule kama ya waliokuja. Asiyekuja na hakusema, 100. Pesa isiyofika kwa wakati, 200, na ikifika magharibi ya Jumatatu bado haijaja, mdhamini wake atoe. Zote mbili zinaingia mfuko wa msiba. Anayepokea awepo mwenyewe, asipokuwepo pesa itatumwa kwa namba yake yeye, haichukuliwi na mtu."

Ni hayo tu. Nimeona matangazo ya ukurasa mzima, yana mpaka sheria ya kuvaa, hakuna anayeyasoma. Na kama chama kimesajiliwa hakikisha tangazo halipingani na katiba yenu, maana ile sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022 inataka kikundi cha watu wasiopungua 10 na kiwe na katiba, na siku ya ugomvi watu watafungua katiba, hawatafungua simu yako.

Bi, mimi mume wangu ni mvuvi. Kusi likishika tunalala na mia mbili ndani. Kwa nini chama kisisogeze siku ya mkutano miezi ile?

Dadangu nakuelewa, marehemu baba yangu alikuwa mtu wa bahari na najua mwezi wa sita na wa saba vyombo vidogo vinavyofungwa pale ufukweni vinatazamana tu, bahari nje imechafuka hakuna wa kuvuka mwamba. Lakini hebu fikiri, kusogeza siku kutakusaidia nini? Kusi halipiti kwa wiki moja ukasema tungoje litulie, ni miezi. Ukisogezewa kutoka tarehe 13 mpaka 20 bahari itakuwa ile ile, na mwalimu aliyekuwa na 2,000 yake mkononi tarehe 13 ikifika 20 ashainunulia unga.

Kuna mwenzio mmoja aliwahi kutuambia tufuate bamvua, tukutane siku mbili baada ya bamvua watu wa bahari wakiwa na chochote. Wazo tamu, ila haliendi na kalenda ya ukutani. Bamvua linafuata mwezi wa mbinguni, linarudi kila wiki mbili hivi, na mwezi wa mbinguni ni siku 29 au 30, kwa hiyo mkianza nalo tarehe 10 baada ya miezi michache liko tarehe nyingine kabisa. Mtakuwa mnatangaza siku mpya kila mwezi na tumesharudi kule kwa fundi na mabati.

Tulichofanya sisi ni kutanguliza. Kaskazi, Disemba mpaka Machi hivi, kitu kinapatikana, samaki wako na wageni wako Shela. Mwenzetu wa nyumba ya mvuvi anatoa 2,000 yake ya mwezi, juu yake anaweka 1,000 pembeni kwa mwekahazina kila mwezi. Miezi minne ni 4,000, na hiyo ni michango miwili kamili ya Juni na Julai ishalipwa kabla kusi halijaanza kupiga. Mwekahazina anaiandika ukurasa wake peke yake, kichwa kimeandikwa "akiba ya fulani", na haiguswi kuziba pengo la mtu mwingine hata siku moja. Hapo ndipo panapoharibika, mwekahazina anaona 4,000 imekaa, kuna mtu kachelewa, anasema nitairudisha Jumatatu. Na hairudishi. Ukitaka kujua kama inaguswa, mwambie aihesabu mbele ya watu kila mkutano, noti kwa noti, au aoneshe salio la laini ya chama.

Na omba zamu yako iangukie Juni au Julai. Kura ni kura, lakini mkikubaliana kabla ya kupiga kura kwamba miezi ya kusi ni ya nyumba za wavuvi mimi sioni ubaya, sisi tulifanya hivo na aliyenuna ni mmoja.

Nilituma pesa yangu Ijumaa kwa simu, mapema kabisa, Jumamosi sikwenda, nikapigwa faini ya 100. Pesa si imefika? Wananikomoa?

Ulisema kwamba huendi? Kama ulisema kabla ya muda wamekukosea, kawarudishie maneno. Kama ulituma pesa ukanyamaza, hiyo 100 ni yako.

Nieleze kwa nini, maana hili ndilo linaloleta maneno kuliko yote. Kuna asiyekuja mwili na kuna asiyekuja pesa, na hawa si mtu mmoja. Asiyekuja pesa anaumiza mfuko wa mtu moja kwa moja, siku hiyo hiyo, anayepokea anatarajia 24,000 anapata 22,000. Asiyekuja mwili hamuumizi mtu leo. Ila mwili nao una kazi. Pale ukumbini mwekahazina anasoma daftari kwa sauti, jina, pesa, jina, pesa, na kila mtu anasikia jina lake, na anayepokea anahesabu mbele ya macho yetu, anasema "zimetimia", anatia sahihi. Siku moja mwekahazina wetu alisoma jina langu "bado", nami nilikuwa nimempa mkononi asubuhi sokoni akiwa na kikapu cha mboga, akasahau, akaitia kwenye pochi ya matumizi. Nilikuwepo nikasema, akafungua pochi, ikaonekana, tukacheka. Ningekuwa nyumbani ningeandikwa deni na ningejua baada ya mwezi, na kufikia hapo nani angekumbuka mboga?

Kwa hiyo faini ya kutokuja iwe ndogo, iwe ya kutosema, isiwe ya kutokuja. Mtu ana mgonjwa, ana harusi, ana safari, aseme tu, meseji moja ya maneno matatu inatosha. Na ya pesa kuchelewa iwe kubwa kuliko ya mwili. Nimeona vyama vimefanya kinyume, 300 kwa kutokuja na 50 kwa pesa kuchelewa, matokeo yake watu wanakuja wote, wamejaa, wanakunywa kahawa yako, na mfuko haujatimia.

Na nyinyi wa kutuma kwa simu, msitume skrinshoti kwenye grupu mkadhani mmemaliza. Skrinshoti inatengenezwa. Mwekahazina anaamini meseji iliyoingia kwenye simu yake yeye, na akiwa na shaka anabonyeza

```
*334#
```

anaangalia stetmenti ya laini ile. Laini ya chama iwe ya chama, isiwe ile ile anayouzia barafu. Gharama ya kutuma ni ya anayetuma, usitume 2,000 ukasema wakate humo humo.

Mume wangu anasema hizo faini za kuchelewesha pesa ni riba na anataka nitoke. Kweli?

Mimi si sheikh, na hili mkaliulize msikitini kwenu kwa mtu mnayemuamini, ila nitakwambia tulivyoelezwa sisi tulipouliza. Mchezo wenyewe, masheikh wengi hawana neno nao, kwa sababu kila mtu anatoa 24,000 kwa mwaka na anapata 24,000, hakuna aliyezidishiwa, ni kama kukopeshana. Shida inaingia pale anayedaiwa anapochelewa, akatozwa zaidi, na ile zaidi ikaingia mfukoni mwa wanaomdai. Hapo hofu ya mumeo ina msingi. Vyama vingi vinagawana faini mwisho wa mwaka, wanasema "faida ya chama". Sisi tulikuwa tunafanya hivo, tuliacha.

Sasa faini zote zinaingia mfuko wa msiba. Mtu akifiwa, awe mwenzetu au jirani tu, inanunuliwa sanda au unatolewa mchele wa watu wa matanga, na hakuna memba anayerudishiwa hata shilingi. Tulielezwa kwamba ikienda sadaka namna hiyo kuna wanaoikubali, kwa kuwa hakuna anayefaidika na kuchelewa kwa mwenziwe. Kuna wasioikubali pia. Kama mumeo ni katika hao, kaombe chama chako waondoe faini ya pesa wabaki na mdhamini peke yake, na kusema kweli mdhamini ana nguvu kuliko hiyo 200.

Jambo moja tu, mfuko wa msiba nao usomwe kwenye daftari. Sadaka isiyosomwa inayeyuka.

Siku ya zamu yangu nilikuwa Mombasa na mtoto hospitali. Wifi yangu ni memba mwenzetu, wakampa yeye aniletee. Nimepata 15,000 kati ya 24,000, anasema zingine zilikuwa na haja. Chama kinanidai nini, au mimi nakidai?

Pole na mtoto, inshallah ashapona. Unakidai chama 9,000, na chama kinamdai wifi yako. Wao ndio walimpa, hukumtuma wewe. Kama ulimtuma kwa sauti yako au kwa meseji, basi pole tena, hilo ni lako na wifi yako, na chama kimetoka.

Ndio maana kwenye tangazo kuna ule mstari wa mwisho. Watu wanafikiri sheria ya wasiokuja ni ya wanaotoa tu, kumbe hatari kubwa ni siku anayepokea ndiye hayupo. 24,000 mezani, mwenyewe hayupo, na kila mtu ana undugu naye. Wifi, mama mkwe, shoga, mpaka jirani, wote wanasema "nipe mimi nitampelekea", na wengine wanasema kwa nia safi kabisa. Usiwape. Sisi tunafanya hivi, mwekahazina anapiga simu mbele ya watu, sauti iko juu kila mtu anasikia, anamuuliza "zamu yako imetimia nikutumie au nikuwekee?" Akisema tuma, inatumwa kwa namba yake iliyoandikwa kwenye daftari tangu siku ya kwanza, na kabla ya kutuma tunalitazama jina. Jina likija la mtu mwingine tunasimama hapo hapo. Akisema niwekee, inafungwa kwenye bahasha, watu wawili wanatia sahihi juu ya gundi, inakaa mpaka arudi yeye.

Gharama ya kutuma ni yake. Kuna mmoja alinuna kwa hilo, nikamwambia nauli ya kuja na kurudi Mokowe ni ngapi?

Kwako sasa, andika barua fupi ya mkono kwa mwenyekiti, useme siku, kiasi, na kwamba hukumtuma mtu, uisome mkutano ujao ukiwepo mwenyewe. Wifi yako zamu yake bado? Kama bado, hiyo 9,000 wataikata siku yake, na hakutakuwa na kelele. Kama ashakula, itakuwa kazi, wataanza kulipa kidogo kidogo. Na kaka yako usimuingize mapema, mkianza kuambizana nyumbani daftari halitasikilizwa tena.

Tangazo letu linasema ukikosa mara tatu zamu yako inapelekwa mwisho. Kuna mmoja hakuja mwezi wa saba, wa nane na wa tisa, wala pesa haikuja. Tatizo alishakula mwezi wa tatu. Sheria inamgusa wapi?

Haimgusi popote, na yeye anajua. Aliyeandika sheria ile alimfikiria mtu ambaye hajala. Asiyekula ukimpeleka mwisho anaumia, aliyekula unampeleka wapi, ashatoka hotelini na mkono anaupangusa. Kosa hili liko kwenye matangazo mengi mno, adhabu moja kwa watu wawili tofauti.

Tupige hesabu kwa mchezo wa 12 na 2,000 kama wenu. Huyu ametoa miezi sita, 12,000. Amepokea 24,000. Kwa hiyo anashikilia 12,000 za watu, na hizo ndizo zile zile 2,000 za miezi sita iliyobaki, wa saba mpaka wa kumi na mbili, kila anayepokea anapungukiwa 2,000. Watatu washapungukiwa, watatu wanakuja.

Mlinganishe na wa zamu ya kumi na moja, naye aseme ameacha baada ya mwezi wa sita. Yeye ametoa 12,000 na hajapokea kitu, nyinyi ndio mnamdai? Hapana, yeye ndiye anayewadai. Huyu akitoka mchezo haufi. Mnabaki 11 wa kutoa, mfuko ni 22,000 kila mwezi. Wa saba, wa nane, wa tisa, wa kumi na wa kumi na mbili, hao watano kila mmoja anapungukiwa 2,000, jumla 10,000. Mwezi wa kumi na moja hauna mwenyewe tena, zinakuja 22,000, hapo mnampa aliyetoka 12,000 yake na inayobaki 10,000 mnawagawia wale watano 2,000 kila mmoja, na kila mtu katoka na haki yake. Ila asubiri mpaka mwezi huo wa kumi na moja, asije leo kutaka pesa yake, kwa sababu pesa yake ipo kwenye paa za watu.

Kwa hiyo sheria ya kutokuja iwe na mistari miwili. Ambaye hajala, mara tatu, zamu inakwenda mwisho. Ambaye ameshakula, mara moja tu pesa isipofika, mdhamini anatoa Jumatatu. Na mdhamini awe nani? Hapa watu wanakosea, wanachukua mume au kaka wa nje ya chama, siku ikifika hashikiki. Mdhamini awe memba ambaye zamu yake iko mbele, bado hajala, ili asipotoa mkate kwenye mfuko wake yeye siku atakapopokea. Zamu za mwanzo, tuseme ya kwanza mpaka ya sita, zisitolewe bila mdhamini wa zamu za saba na kuendelea. Mtu akikosa wa kumdhamini humo ndani, si umbea, ni jibu, mpe zamu ya mwisho.

Nyinyi hamkuwa na mdhamini, basi msisubiri mara ya nne. Nendeni watu wawili nyumbani kwake, si kumi na mbili, na msiende na simu za kurekodi. Mkubaliane 1,000 kila Jumamosi ya pili kwa miezi 12, iandikwe, atie sahihi, na ya kwanza atoe mkiwa hapo hapo. Zinazoingia zianze kumalizia wa mwezi wa saba, halafu wa nane, kwa foleni. Na wale wa mwezi wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili waambieni leo kwamba watapokea 22,000, wasimuahidi fundi 24,000. Hili viongozi wanalificha kwa haya, na ndilo linalovunja chama, mtu anaweza kuvumilia 22,000 aliyoambiwa mapema, havumilii aliyoijua akiwa ashafungua khanga kupokea.

Kuna mtu atawaambia mumpeleke kwa Kadhi. Kadhi kwa katiba ya Kenya anahukumu mambo ya Waislamu ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, deni la mchezo si lake, ingawa busara yake mwaweza kuiomba kama mtu mzima wa mji. Mzee wa mtaa kwanza, halafu chifu, na mahakama ya kawaida mkishindwa kabisa, na huko mtaulizwa daftari liko wapi na sahihi iko wapi.

Naweza kumtuma binti yangu mkutanoni badala yangu?

Alete pesa, ndio. Asikie daftari likisomwa, ndio, na aandike alichosikia akuletee. Asipige kura, asibadilishe zamu yako na mtu, asipokee. Na uwe umesema tangu Ijumaa kwamba anakuja yeye. Akiwa chini ya miaka 18 mimi simpi karatasi yoyote atie sahihi.

Ramadhani je? Saa kumi na nusu tuko jikoni.

Siku usiiguse, guseni saa. Machi 14 ya 2026 ilikuwa ndani ya Ramadhani, na sisi tulikutana saa nne asubuhi, nusu saa, hakuna kahawa, daftari, pesa, sahihi, kila mtu kwake. Kuna waliotaka baada ya tarawehe, wa Mokowe wakauliza watarudi na boti gani, likaisha. Na kwa kuwa Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, andika kwenye karatasi ya tarehe zile 12 tangu mwanzo, huo mwezi uwekee saa yake pembeni kwa kalamu nyekundu.